Kuskani picha za zamani za familia: tarehe na maelezo yabaki ndani ya picha yenyewe

Kupiga skani ndiyo sehemu nyepesi ya kazi hii. Ukiwa na printa yenye kioo cha skana, albamu moja unaimaliza jioni mbili tatu. Tabu huanza baadaye: picha mia tatu zimepandishwa Google Photos na zote zinajipanga kana kwamba zilipigwa Jumamosi iliyopita. Maandishi ya nyuma hakuna aliyeyaskani, na majina ya watu yamebaki kichwani mwa shangazi mmoja anayeishi mbali. Kwa hiyo humu nitapita haraka kwenye mashine, nikae zaidi kwenye tarehe na maelezo: namna ya kuyapata, namna ya kuyaandika, na mahali pa kuyaweka ili yasipotee siku ukihamisha picha.

Nachukulia una skana ya kulaza picha kwenye kioo (hata ile iliyo juu ya printa ya nyumbani inatosha), kompyuta ya Windows na akaunti ya Google. Kama skana huna, stesheneri nyingi zinayo, ila nenda na flashi yako na mweleze kijana wa pale vipimo nitakavyovitaja. Ukimwachia mwenyewe atakuskania kama cheti cha kuzaliwa.

Hatua ya kwanza: namba kabla ya skani

Usiifumue albamu. Aliyebandika picha hizo alikuwa na mpango wake, na mara nyingi picha isiyo na maandishi yoyote inajulikana kwa sababu tu imekaa kati ya picha mbili zinazojulikana. Kwanza piga kila ukurasa mzima kwa simu, jinsi ulivyo. Kisha ipe kila albamu herufi, na kila picha namba inayotokana na mahali ilipo. Picha ya tatu kwenye ukurasa wa saba wa albamu B itakuwa B07-3. Zile zilizokuwa kwenye bahasha au kopo la biskuti zipe herufi yake, tuseme X, zifuatane X001, X002 na kuendelea.

Namba hii ndiyo litakuwa jina la faili, na haibadiliki tena. Wengi huanza jina la faili na mwaka, na inaonekana ni busara mpaka siku mjomba anapokwambia picha si ya 1970, ni ya 1966. Ukibadilisha jina la faili, nakala uliyokwishamtumia dada yako haifanani tena na ya kwako. Mwaka ni kitu unachoendelea kukijua kidogo kidogo, kwa hiyo uweke mahali panaporekebishika. Ukitaka jina lisomeke, ongeza neno moja mawili baada ya namba, kama `B07-3 harusi Tanga.jpg`.

Picha zilizokaa kwenye zile albamu zenye kurasa za gundi na karatasi ya nailoni juu, zilizoenea miaka ya 1970 hadi 1990, huwa zimeng'ang'ania. Usivute pembe, maana karatasi itakunjika na kuacha mstari mweupe usiofutika. Chukua uzi wa kusafishia meno, upitishe nyuma ya picha, uusogeze taratibu kulia na kushoto huku ukishuka. Ikikataa, iache hapo hapo, fungua ile nailoni na uskani ukurasa mzima kama ulivyo. Iliyogandana na kioo cha fremu nayo usiibandue. Iskani pamoja na kioo chake, la sivyo uso wa mtu utabaki kwenye kioo.

Nyuma ya picha andika namba kwa penseli laini ya 2B, pembeni, bila kukandamiza. Kalamu ya wino usiiguse kabisa, kwa kuwa wino huhamia kwenye uso wa picha inayofuata ukizirundika. Karatasi za picha za rangi zina plastiki na penseli haishiki, basi hizo zitie kwenye bahasha na uandike namba juu ya bahasha.

Hatua ya pili: skani

Futa kioo kwa kitambaa laini, dawa uiweke kwenye kitambaa, usiinyunyize kwenye kioo kwani hupenya pembeni na kuacha ukungu kwa ndani. Picha yenyewe ipulize vumbi kwa pampu ndogo ya mpira au brashi laini. Usiifute kwa maji. Wala usiipitishe kwenye ile sehemu ya printa inayovuta karatasi zenyewe, maana ikikwama haitoki nzima.

Kipimo kinachohitaji uamuzi ni dpi, yaani idadi ya nukta kwa kila inchi. Kwa picha ya kawaida ya sentimita 10 kwa 15, weka 600 dpi. Utapata picha yenye nukta zipatazo 2400 kwa 3600, ambayo unaweza kuisafisha mara mbili ya ukubwa wake bila aibu. Picha za pasipoti na zile ndogo ndogo zenye kingo nyeupe zinataka 1200 dpi, kwa sababu pasipoti ya milimita 35 kwa 45 ukiiskani kwa 300 unabakiwa na nukta kama 400 kwa 530, na hapo sura ikikuzwa inakuwa ukungu. Zaidi ya hapo hakuna faida. Programu ikikuambia inafika 4800 au 9600, mara nyingi inajaza nukta za kubuni, na karatasi yenyewe haina undani huo.

Skani kwa rangi hata kama picha ni nyeusi na nyeupe. Ule unjano wa karatasi, wino wa bluu uliochora pembeni, doa la chai, vyote ni habari, na ukitaka nyeusi na nyeupe utaitoa baadaye kwenye nakala. Zima kila kitu chenye jina kama `Auto`, `Dust Removal`, `Unsharp Mask` na `Color Restoration`. Mashine inaposafisha vumbi huwa inafuta na vipuli vya masikioni. Picha za rangi za miaka ya 1970 nyingi zimegeuka wekundu kwa sababu rangi ya samawati iliyomo ndiyo inayokufa mapema. Hilo linarekebishika, lakini lifanyie kwenye nakala, faili la kwanza libaki kama lilivyotoka kwenye kioo.

Usikate kingo. Kingo nyeupe zenye meno meno, tarehe iliyochapwa pembeni na alama ya studio iliyobonyezwa kwenye pembe vyote vitakusaidia hatua inayofuata. Halafu geuza picha, skani mgongo wake, uupe jina lile lile na herufi n: `B07-3n.jpg`. Ukiona mgongo ni mtupu kabisa unaweza kuuruka, ila muhuri hafifu wa zambarau hauonekani vizuri chini ya taa ya sebuleni, kwa hiyo ugeuzie kwenye mwanga wa dirisha kabla hujaamua.

Kasoro moja inawasumbua wengi na hawajui inatoka wapi. Picha za miaka ya 1970 na 1980 zilisafishwa mara nyingi kwenye karatasi yenye vipele kama kitambaa. Taa ya skana inapiga kila kipele, na matokeo yake picha nzima inajaa chembe nyeupe kama chumvi. Geuza picha nusu duara uone: chembe zikihama upande, ni vipele, si vumbi. Picha za namna hiyo zitoke kwa simu badala ya skana. Ilaze karibu na dirisha lisilo na jua la moja kwa moja, zima flashi, simama na simu sambamba na karatasi, halafu zungusha picha taratibu mpaka vipele visimeremete. Kuna pia programu ya PhotoScan ya Google inayopiga mara kadhaa kutoka pembe tofauti na kuondoa mng'aro. Inafaa kwa picha iliyo ndani ya fremu ukutani kwa mtu, ila faili lake ni dogo kuliko la skana.

Hifadhi kwa JPEG yenye ubora wa 90 kwenda juu. Picha moja itakuwa na megabaiti tatu hadi tano hivi. TIFF haipotezi chochote, lakini picha hiyo hiyo inafika megabaiti 26, na kwenye hifadhi ya bure ya mtandaoni utajaza mapema. Kama una diski ya nje, weka TIFF huko na JPEG mtandaoni.

Hatua ya tatu: tarehe

Anza na vitu vilivyo kwenye karatasi. Muhuri wa studio nyuma una thamani kuliko watu wanavyodhani, kwa sababu majina ya nchi na miji yetu yalibadilika katika miaka inayojulikana. Ulioandikwa Tanganyika ulitengenezwa kabla ya Muungano wa Aprili 1964, na jina Tanzania lenyewe lilianza kutumika rasmi Oktoba mwaka huo. Muhuri wa Elisabethville ni wa kabla ya 1966, mji ulipoitwa Lubumbashi. Zaire ni kati ya 1971 na 1997. Kumbuka tu kwamba mwenye studio hakutupa muhuri wake siku ya pili. Unakupa mwanzo wa kufikiria, haukupi ukuta.

Zile namba za rangi ya machungwa kwenye pembe ya picha za miaka ya 1980 na 1990 nazo zichunguze kabla ya kuziamini. Kamera ziliweza kupangwa mwaka-mwezi-siku, mwezi-siku-mwaka au siku-mwezi-mwaka, kwa hiyo `3 12 '94` inaweza kuwa tarehe 3 Desemba au 12 Machi. Tafuta picha nyingine ya kamera hiyo hiyo ambayo moja ya namba imezidi 12, hapo mpangilio utajulikana. Na ukiona sherehe tatu tofauti zote zimeandikwa tarehe 1 ya mwezi wa 1, mwenye kamera alibadilisha betri na hakupanga upya.

Baada ya karatasi wanafuata watu, na hapa swali la "ilikuwa mwaka gani?" halifai. Wazee wetu wengi hawahifadhi maisha kwa namba za miaka. Waulize kabla au baada ya jambo ambalo tarehe yake unaijua. Kwa Tanzania: Uhuru (9 Desemba 1961), Mapinduzi ya Zanzibar (12 Januari 1964), Azimio la Arusha (5 Februari 1967), kuuawa kwa Karume (7 Aprili 1972), kuhamia vijijini, vita vya Kagera (1978 hadi 1979), kifo cha Sokoine (12 Aprili 1984). Kwa Kenya: Uhuru wa Desemba 1963, kuuawa kwa Mboya (5 Julai 1969), kufariki kwa Mzee Kenyatta (22 Agosti 1978), jaribio la mapinduzi (1 Agosti 1982). Kwa maswali matatu manne unaibana picha kati ya miaka miwili. Kisha watoto waliomo ndani yake wanamalizia, kwa sababu mtoto anayetambaa, anayesimama na aliyeng'oka meno ya mbele ni saa inayosomeka, mradi kadi yake ya kliniki au cheti chake kipo.

Nitachukua picha moja ya kwetu, hiyo hiyo B07-3. Ni harusi, watu kumi na mmoja mbele ya nyumba ya makuti, na mtoto mdogo amesimama akishikilia kiti. Nyuma kuna muhuri wa studio ya Tanga ulioandikwa Tanganyika, basi. Nilimpigia shangazi.

"Shangazi, shikamoo. Ile harusi ya kaka yenu, mlikuwa mmeshapata Uhuru?"

"Marahaba. Tulishapata, mbona bendera iko shuleni."

"Na Mapinduzi ya Unguja?"

"Bado hayo. Bwana harusi mwenyewe alikuwa Unguja yalipotokea, na mke keshamwoa. Harusi ilikuwa Mfungo Pili, mvua imetushika, unaona viatu vyetu."

Viatu nilikuwa sijaviangalia. Kwenye skani ya 600 dpi ukivikuza, kweli, vimejaa tope. Sasa tunajua ni kati ya Desemba 1961 na Januari 1964, mwezi wa Mfungo Pili, yaani mwezi wa pili baada ya Ramadhani. Ndani ya kipindi hicho Mfungo Pili uliangukia mara mbili tu: Aprili hadi mwanzoni mwa Mei 1962, na mwisho wa Machi hadi karibu mwisho wa Aprili 1963. Yote miwili ni masika pwani, kwa hiyo tope peke yake halitoi jibu. Mtoto aliyeshika kiti ndiye aliyelitoa. Amezaliwa Novemba 1961. Mwaka 1962 alikuwa na miezi mitano hivi, asingeweza kusimama. Mwaka 1963 alikuwa na mwaka na nusu kasoro. Picha ni ya Aprili 1963 au siku za mwisho za Machi.

Kalenda ya Kiislamu inasaidia hivi hivi kwa picha za Idi. Idi hurudi nyuma kwa siku kama kumi na moja kila mwaka, basi nyuma pakiandikwa "Idi el-Fitri 1975" una tarehe karibu kamili: mwanzoni mwa Oktoba. Tovuti za kubadilisha tarehe za Hijria zinakupa jibu lenye tofauti ya siku moja au mbili, kwa sababu mwezi kwetu huandama kwa kuonekana.

Hatua ya nne: maelezo

Andika maelezo kama yatakayosomwa na mtu asiyekujua. "Bibi na shangazi, Moshi" haina maana kwa mjukuu wako, kwani kwake bibi ni mwingine. Andika majina matatu, na uhusiano ufuate jina: Asha Juma Salimu, mama yake fulani. Taja watu kutoka kushoto kwenda kulia, mstari wa nyuma kwanza, na usiyemjua mwachie nafasi yake kwa kuandika "hajulikani". Ukimruka, wote wanaomfuata watapewa majina yasiyo yao. Wanawake walioolewa wapewe jina walilozaliwa nalo pia, la sivyo upande wao wa ukoo unakatika hapo.

Kisha andika umejuaje. Sentensi moja yatosha. Atakayekuja kubisha tarehe miaka ishirini baadaye atajua anabishana na nani. Maelezo ya B07-3 yanasomeka hivi, majina nikiyaondoa:

"Takriban Aprili 1963 (Mfungo Pili), Tanga. Harusi ya [majina matatu] na [majina matatu]. Waliosimama, kushoto kwenda kulia: ... Ushahidi: muhuri wa studio nyuma una jina Tanganyika, mtoto aliyeshika kiti alizaliwa Novemba 1961, kauli ya dada wa bwana harusi, kwa simu."

Neno "Takriban" mwanzoni lina kazi. Sehemu ya tarehe ndani ya faili la picha inataka mwaka, mwezi, siku na saa, na programu nyingi hazikubali uache pengo. Inabidi ujaze siku ambayo huijui. Mimi natumia kanuni hii: mwezi ukijulikana naweka tarehe 15, mwaka peke yake ukijulikana naweka 1 Julai, muongo peke yake naweka katikati yake, 1965 kwa miaka ya 1960. Yeyote akiona maelezo yameanza na "Takriban" anajua tarehe 15 ni ya kujazia.

Saa nayo ijaze 12:00:00, yaani saa sita mchana. Ukiacha 00:00:00, picha ya 1 Januari 1963 inaweza kuonekana ni ya 31 Desemba 1962 kwenye programu inayohesabu kwa saa za nchi nyingine. Kwa familia yenye watu Muscat, London na Toronto hilo hutokea. Mchana unaacha nafasi pande zote mbili.

Hatua ya tano: kuandika ndani ya faili

Hapa ndipo kazi nyingi hupotelea. Ukipandisha picha Google Photos kisha ukaandika maelezo na kurekebisha tarehe humo, vinakaa kwenye kumbukumbu za Google, haviingii ndani ya picha. Ukiipakua picha kesho, inashuka na tarehe ya zamani na bila maelezo. Ukitoa kila kitu kwa Google Takeout, marekebisho yako yanakuja kwenye mafaili mengine ya `.json`, pembeni ya picha. Sehemu ya maelezo iliyo Google Drive ni hivyo hivyo. Kwa hiyo andika kwanza kwenye kompyuta, ndani ya picha, ndipo upandishe.

Kwa picha chache, Windows inatosha. Bonyeza picha kwa kitufe cha kulia, fungua `Properties`, kisha `Details`. Maelezo yaweke kwenye `Title`, tarehe kwenye `Date taken`. Usiguse wala usitegemee `Date modified`. Hiyo ni tarehe ya faili, na hubadilika kila unaponakili au kupakua.

Kwa picha nyingi tumia programu ya ExifTool, ambayo ni ya bure. Ukiipakua kwa Windows faili lake linaitwa `exiftool(-k).exe`. Libadilishe jina liwe `exiftool.exe`, uliweke pamoja na folda lililokuja nalo ndani ya folda la picha. Fungua dirisha la amri la `cmd` kwenye folda hilo la picha uandike, kwa mstari mmoja:

```
exiftool -DateTimeOriginal="1963:04:15 12:00:00" -MWG:Description="Takriban Aprili 1963, Tanga. Harusi ya ..." B07-3.jpg
```

Tarehe inatenganishwa kwa nukta pacha hata kati ya mwaka na mwezi, na hapo ndipo wengi hukosea. `DateTimeOriginal` ni siku picha ilipopigwa. Siku ya skani ina mahali pake pengine, kwa hiyo haigongani nayo. `MWG:Description` inaandika maelezo katika sehemu kuu ambazo programu za picha huyatafuta, ili usilazimike kukisia ipi inasomwa na nani. Kama picha zote za folda ni za harusi moja, weka `*.jpg` badala ya jina la faili, halafu majina ya watu uyaongeze moja moja. Programu inaacha nakala ya awali yenye `_original` mwishoni. Hakiki kwanza kwa amri hii, ndipo uzifute:

```
exiftool -DateTimeOriginal -MWG:Description B07-3.jpg
```

Miaka ya kabla ya 1970 hailetei shida sehemu hii, kwa kuwa tarehe imeandikwa kama maandishi ya kawaida. Shida hiyo inazikuta tarehe za mafaili, na ni sababu nyingine ya kuachana nazo.

Pamoja na hayo tengeneza jedwali dogo, `Orodha`, lenye safu nne: namba, tarehe, maelezo, nani kasema. Unalihitaji kwa sababu mtu akifungua folda la Google Drive ataona B07-3, B07-4, bila maelezo usoni.

Hatua ya sita: kupandisha na kushirikiana

Google inatoa gigabaiti 15 bure, zinazogawanywa kati ya barua pepe, Drive na Photos. Picha mia nne za megabaiti nne hazifiki gigabaiti mbili, basi nafasi ipo, kama barua pepe hazijaimaliza. OneDrive na iCloud hutoa 5 kila moja.

Drive na Photos zina kazi tofauti. Drive iwe ghala: folda moja la familia, ndani yake folda kwa kila albamu, na miaka iwe kwenye jina la folda, kama `Albamu B (1958-1966)`. Mgongo ukae pamoja na uso wake. Drive haizipangi picha kwa tarehe ya kupigwa, ndiyo maana zinafuatana kwa namba, yaani kama zilivyo kwenye albamu. Photos iwe ya kutazama: pandisha nyuso tu, bila migongo, ukichagua `Original quality`, nazo zitajipanga kwa miaka kwa kusoma ile tarehe uliyoiandika. Anza na picha tatu tu. Zikikaa kwenye miaka yake, endelea. Zikikaa kwenye wiki hii, tarehe haikuingia, rudi hatua ya tano.

WhatsApp isiwe njia ya kuhamishia. Picha ikitumwa kwenye grupu la ukoo inapunguzwa, na tarehe na maelezo ya ndani yanafutwa. Ukilazimika, itume kama `Document`. Kuitumia grupu kuuliza "huyu nani?" ni sawa kabisa, ila anayejibu asije akaihifadhi ile nakala akadhani ndiyo picha yenyewe.

Kwenye Drive wape ndugu ruhusa ya `Commenter`. Wataweza kuifungua picha, kuchora kiboksi kwenye uso wa mtu na kuandika jina, bila uwezo wa kufuta kitu. `Editor` awe wewe na mtu mmoja mwingine. Kiungo cha `Anyone with the link` usikitumie, hasa kama kuna picha za upande wa wanawake kwenye harusi. Zilipigwa kwa sharti la kubaki ndani, na waliopigwa wengine wapo hai. Hizo zitengee folda lake, na uliza wenyewe kabla ya kumfungulia yeyote.

Mwisho ni suala la akaunti. Folda ulilolishirikisha ni la mwenye akaunti. Akaunti ikifungwa, na folda linaondoka kwa kila mtu. Google inaweza kufuta akaunti ya mtu binafsi isiyotumika kwa miaka miwili, kwa hiyo akaunti iliyofunguliwa kwa ajili ya picha tu, isiyoingiwa na mtu, ni hatari. Ingia kwenye `Inactive Account Manager` umtaje ndugu atakayepewa vitu vyako, kisha mwombe mtu mwingine apakue folda zima na kulipandisha kwenye akaunti yake, na nakala ya tatu iwe kwenye diski ya nje inayokaa nyumba nyingine. Siku ya kukabidhi diski hiyo, ichomeke kwenye kompyuta yake, fungua `Details` za picha moja yoyote, na muone wote wawili kama tarehe na majina yamo.